Chujio gani kwa maji ya kisima kirefu Dodoma: lipi la kwanza, lipi la mwisho, na kwa nini

Ukiingia dukani kuuliza chujio zuri la maji, muuzaji atakuonyesha lile linalotoka sana. Kwa maji ya kisima kirefu Dodoma na Singida, hilo mara nyingi siyo unalolihitaji. Maji ya huku hutoka ndani ya miamba, ni meupe na hayana tope, lakini yamebeba vitu vilivyoyeyuka: chumvi, chokaa, floraidi, na kwenye makazi yenye vyoo vingi vya shimo, naitreti. Kitu kilichoyeyuka hupita kwenye machujio ya kigae na ya nyuzi laini kama sukari inavyopita kwenye kichujio cha chai. Kuchemsha nako hakusaidii. Maji yakipungua kwenye sufuria, floraidi na naitreti zinabaki, hivyo kila kikombe kinakuwa na nyingi zaidi.

Kwa hiyo pima kabla ya kununua. Peleka sampuli maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji na uombe vipimo vya TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka, ugumu, floraidi, naitreti na vimelea. Kwa vipimo vya kemikali, acha pampu ikimbie dakika kumi au zaidi, suuza chupa safi ya plastiki mara tatu kwa maji hayohayo, kisha jaza kutoka kwenye bomba la pampu. Sampuli ya vimelea ichukuliwe kwenye bomba unalochotea, baada ya simtanki, kwa chupa maalumu iliyotolewa na maabara, na ifike ikiwa baridi, vizuri ikiwa ndani ya saa sita. Simtanki lenye mfuniko uliopasuka huchafua maji yaliyotoka safi kisimani.

Tuchukue mfano wa nyumba ya watu sita. Majibu yanasema TDS 1450, ugumu 480, floraidi 2.1, naitreti 70, zote miligramu kwa lita, na vimelea hakuna. Mwongozo wa WHO kwa maji ya kunywa ni floraidi 1.5 na naitreti 50. Floraidi haina ladha wala harufu, lakini huacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto, na ikiwa nyingi kwa miaka mingi hushambulia mifupa. Naitreti ni hatari hasa kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo. Nyumba hii ikitumia lita tano kwa kila mtu kunywa na kupika, ni lita 30 kwa siku, karibu 10,950 kwa mwaka. Namba hiyo ndiyo ya kupimia kila chujio.

Kwa maji haya, nafasi ya kwanza tunaipa mashine ya RO, inayosukuma maji kwa presha kwenye membreni, utando unaozuia vitu vilivyoyeyuka. Chagua yenye vikombe vilivyo wazi vya katriji za inchi 10 na membreni ya ukubwa wa 1812, galoni 75 kwa siku. Jina lililobandikwa mbele halina uzito kama vipimo hivyo, kwa sababu katriji za inchi 10 na membreni ya 1812 hutengenezwa na kampuni nyingi. Duka moja likiishiwa, utapata kwingine. Membreni isiyo na hitilafu huondoa takriban asilimia 90 ya kilichoyeyuka, naitreti ikiwa ngumu kidogo kuiondoa kuliko chumvi nyingine. Floraidi ya 2.1 itashuka kwenye 0.2 hivi.

Hapa ndipo wengi wanapopotea: presha. Membreni inataka baa tatu hadi nne. Kila mita kumi za kimo hutoa baa moja tu, kwa hiyo simtanki lililo juu ya mnara wa mita tatu linatoa baa 0.3. Mashine itatoa matone, na mtu atalaumu chapa. Nunua yenye pampu ya kuongeza presha, pamoja na swichi ya kuizima maji yakikatika. Jua pia kwamba kwa kila lita safi, lita mbili au tatu hutoka kwenye mpira wa maji ya chumvi. Yakinge kwa ajili ya choo na kudekia. Usimwagilie mchicha, chumvi itaharibu udongo.

Gharama zake zihesabu hivi, kwa bei za mfano, kisha weka ulizotajiwa wewe. Katriji ya vumbi kila miezi mitatu kwa 8,000 ni 32,000 kwa mwaka. Katriji mbili za karboni kila miezi sita kwa 12,000 ni 48,000. Karboni ya mwisho ni 15,000. Membreni hudumu miaka miwili au mitatu kwenye maji laini, lakini kwa ugumu wa 480 chokaa huigandia, hivyo weka moja kila mwaka, 70,000. Jumla 165,000, sawa na shilingi 15 kwa lita, au 300 kwa ndoo ya lita 20, bila umeme. Ukiweka klorini kwenye simtanki, usiruke karboni: klorini hula membreni.

Nafasi ya pili ni mashine za RO za kabati, kama za Kent. Zinafanya kazi ileile na zina taa ya UV kwa vimelea, lakini katriji nyingi ni za umbo lake, kwa hiyo kabla ya kulipa uliza bei ya seti nzima na kama ipo dukani leo. Soma pia kiwango cha juu cha TDS kwenye kibandiko. Zile zenye skrubu ya kurekebisha TDS huchanganya maji yasiyopita kwenye membreni ili ladha ipatikane. Kwa kisima chenye floraidi, ifunge kabisa.

Ikiwa TDS yako ni ndogo na tatizo ni floraidi peke yake, fikiria mkaa wa mifupa au Nanofilter ya Arusha, iliyobuniwa na Askwar Hilonga na kushinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi mwaka 2015. Hazitaki umeme wala hazimwagi maji. Udhaifu wa mkaa wa mifupa ni kwamba ukishiba floraidi hauonyeshi dalili yoyote. Panga kupima floraidi ya maji yaliyochujwa kila baada ya miezi michache.

LifeStraw Family 1.0 ya nyuzi laini na Tulip ya mshumaa wa kigae zinakuja nyuma kwa kisima hiki, ingawa ni nzuri kabisa pale tatizo likiwa vimelea tu. Ya kwanza imekadiriwa lita 18,000, kwa nyumba yetu karibu miezi 20. Mshumaa wa Tulip lita 7,000, karibu miezi minane. Pureit Classic tunaiweka mwisho: kifaa chake cha kuua vijidudu cha lita 1,500 kitaisha kwa siku 50, na chumvi na floraidi vitabaki vilevile.

Ukishafunga RO, mwaga tanki la kwanza, kisha pima maji yanayoingia na yanayotoka kwa kipimo kidogo cha TDS na uandike kwenye karatasi ubandike ukutani. Kwa mfano wetu, 1450 ikiingia na 90 ikitoka, membreni inazuia asilimia 94. Pima kila mwezi. Inayotoka ikifika 290, imebaki asilimia 80, badilisha hata kama maji bado ni matamu. Kama membreni mpya inaanza na 300, angalia kwanza mpira wa duara kwenye shina lake: ukijikunja wakati wa kuisukuma ndani, maji ya chumvi hupenya pembeni. Ukiwa umekaa sawa na namba haishuki, irudishe dukani na risiti.