EliteBook 840 G5 niliyonunua Mwanza: i5 iliyoishinda i7 kwa bei ileile

Huu ni mwezi wa nne natumia HP EliteBook 840 G5, mtumba, niliyoinunua hapa Mwanza mjini kwa shilingi 580,000. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na sendofu, ofisi iko Kirumba. Nimeridhika nayo, lakini ilibaki kidogo tu niondoke dukani na mashine nyingine kabisa kwa hela hiyohiyo, na iliyoniokoa ni namba ndefu ya prosesa.

Tangazo lililonivuta lilisema hivi: "EliteBook 840, Core i7, 2.8GHz, RAM 8, SSD 256, Windows 11, 580,000." Duka la pili, mtaa uleule, lilikuwa na 840 ya i5 kwa bei hiyohiyo. Muuza duka wa kwanza alinipigia hesabu mwenyewe: "Kaka, hii i7, ile i5. Hii 2.8, ile 1.7. Bei moja. Unafikiria nini tena?" Ukisikia hivyo, unaona wazi kuwa anasema kweli. Na kila namba aliyoitaja ilikuwa sahihi.

Tatizo ni namba alizoziacha. Niliigeuza ile laptopu nikakuta imeandikwa 840 G4. Hiyo G ni ya HP, inahesabu matoleo ya mashine zao, na watu wengi hudhani ndiyo kizazi cha prosesa. Sivyo. 840 G3 ilitoka na prosesa za Intel za kizazi cha 6, G4 kizazi cha 7, G6 kizazi cha 8, G7 ikarukia cha 10. Ndiyo maana ukiuliza "jenereshini ya ngapi?" unaweza kujibiwa "ya nne" kwa mashine ya kizazi cha 7, na anayekujibu wala hadanganyi, anasoma tu kilichoandikwa kwenye bodi.

Kizazi chenyewe kinasomwa baada ya kistari. Ile i7 ilikuwa i7-7600U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari, 7, ndiyo kizazi. 600 ni daraja lake ndani ya kizazi hicho. U ya mwisho inasema ni prosesa ya kutunza umeme, ya wati 15, iliyotengenezwa kwa laptopu nyembamba. Kama ingekuwa HQ, ingekuwa prosesa ya wati 45 yenye nguvu zaidi, inayokula betri na kutoa joto. Maneno "Core i7" peke yake hayakwambii ni ipi kati ya hizo mbili.

Sasa hapa ndipo penye utamu wote. Katika kizazi cha 7, i7 zenye U zina kori mbili tu. Kori ni kama fundi mmoja ndani ya prosesa: ukiwa na wawili, kazi inagawanywa kwa wawili. Kizazi cha 8 kilipokuja mwaka 2017, Intel waliweka kori nne kwenye i5 za U, kwa wati zilezile 15. Ile i5 ya duka la pili ilitakiwa kuwa i5-8350U: kori nne, kasi ya kuanzia gigahezi 1.7. Hiyo 1.7 ndiyo iliyotumika kunitisha, lakini ni kasi ya chini inayohakikishwa kori zote zikiwa kazini ndani ya wati 15. Inapohitajika hupanda hadi 3.6. Ile i7 hupanda hadi 3.9. Kwa hiyo kwa kazi ya kori moja, mfano kufungua kivinjari au kuandika barua, i7 ile si mbovu hata kidogo, inaweza hata kuwa mbele kidogo. Kwenye kurenda video, yaani kuitoa video iliyohaririwa iwe faili la mwisho, mafundi wanne wanawaacha mbali wawili. Jirani yangu ana 840 G4 yenye i7-7600U hiyohiyo, tukajaribu video moja ya dakika kumi, programu moja, mipangilio sawa: yake ilichukua dakika 13, yangu 8.

Jambo la pili ni Windows 11. Microsoft wanaiunga mkono rasmi kuanzia kizazi cha 8 cha Intel, ukiacha prosesa chache mno za kizazi cha 7, na i7-7600U haimo. Windows 10 nayo ilikoma kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Ile G4 ilikuwa na Windows 11 kweli, lakini imewekwa kwa kuruka ukaguzi wa Windows unaoangalia kama prosesa inakubalika. Inawaka na kufanya kazi, ila toleo kubwa jipya likitoka, haliji lenyewe, utalazimika kuruka ukaguzi tena kwa mkono.

Nikaenda duka la pili nikiwa na uhakika. G5, nikajua basi, kizazi cha 8. Muuzaji, dada mmoja mtulivu sana, akanitolea mbili zilizofanana kama mapacha. Nikaomba kuziwasha zote. Nikafungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, nikaandika:

```
Get-CimInstance Win32_Processor | Select-Object Name, NumberOfCores
```

Ya kwanza ikajibu i5-7300U, kori 2. Ya pili i5-8350U, kori 4. Bodi moja, G5 zote, bei moja! HP waliitoa 840 G5 na prosesa za vizazi vyote viwili, kwa hiyo jina la modeli nalo halikutoshi. Yule dada mwenyewe alishangaa, akachukua kalamu akaandika namba kwenye boksi. Nilimheshimu kwa hilo.

Jina linaloonekana ndani ya Windows linaweza kuchezewa, kwa hiyo nilihakikisha pia nje ya Windows: zima, washa huku ukigonga Esc, kisha F1, ukurasa wa System Information unataja prosesa. Stika ya Core i7 karibu na kibodi usiihesabu kabisa, inabanduka na kubandikwa. Na usikubali kuambiwa "utaongeza prosesa baadaye", maana hizi za U zimechomelewa kwenye ubao mama.

Ukikutana na mpya zaidi, soma kwa makini kidogo. i5-10210U ni kizazi cha 10, si cha 1, na i5-1135G7 ni cha 11. Hiyo G7 ya mwisho inaeleza nguvu ya picha ndani ya prosesa, haihusiani na G ya HP.

Kasoro za niliyonunua zipo. Kurenda kwa muda mrefu, feni inalia na kasi inashuka, wati 15 ni wati 15. Betri niliipima siku ya kwanza kwa `powercfg /batteryreport`, ikaonyesha imebaki na asilimia 61 ya ujazo wake wa awali. Umeme ukikatika Kirumba inanibeba saa mbili na nusu, ambazo kwa harusi moja zinatosha kwa shida. Betri mpya nimeshaagiza.