Notisi ya kodi: ya kwanza nilijibu mwenyewe, ya pili nikamlipa mshauri

Nimepata notisi mbili za kodi ndani ya miaka miwili, ya kwanza nikapambana nayo mwenyewe, ya pili nikatafuta mshauri wa kodi, kwahiyo naandika nilivyoamua maana najua mtu akifungua ile barua moyo unavyoenda mbio.

Ya kwanza ilikuwa na swali moja tu. Mteja alinilipa akiwa ameshakata kodi ya zuio, mimi kwenye ritani nikakosea namba ya cheti, mfumo ukagoma kuitambua ile kodi iliyokatwa. Cheti ninacho. Nikaandika barua ya mistari sita, nikaambatanisha nakala, nikatuma kabla ya tarehe ya mwisho na nikatunza uthibitisho kwamba wamepokea. Ikaisha hapo, na kumlipa mtu kwa hilo ingekuwa kutupa hela.

Ya pili ilinitisha. Walitaka stetimenti za benki za mwaka mzima, wakasema zilizoingia kwenye akaunti zangu ni 9,100,000 na mimi nimetangaza mapato 4,200,000, nieleze tofauti. Hapa sio suala la kutuma karatasi moja tena, unatakiwa kueleza kila hela, na usipoieleza wanaweza kuihesabu kama mauzo. Tena ukijibu ovyo jibu lako linaweza kuwafungulia mlango wa miaka ya nyuma. Nikaona hii sio ya kujaribia.

Mshauri wa kwanza hata notisi hakuomba kuiona, akasema "niachie mimi, naifuta yote", malipo yake asilimia ya kodi atakayoniokolea, na anataka paswedi yangu ya mfumo wa kodi. Nikaondoka. Mtu anayelipwa kwa asilimia ana sababu ya kukuza madai, na ikija kubumburuka aliyesaini ni wewe.

Wa pili ndio niliyebaki naye. Kabla hata ya kutaja bei alisoma notisi yote mbele yangu, akapiga mstari chini ya tarehe ya mwisho na kifungu walichotumia, akaniuliza bahasha nimeipokea lini. Nilikuwa na maswali yangu kwenye daftari. Nikamuuliza ameshajibu notisi ngapi za stetimenti za benki hasa, sio kujaza ritani tu, maana ni kazi mbili tofauti. Nikauliza nani atakayeandika jibu, yeye au kijana wa ofisini, na leseni yake inamruhusu kunisimamia mpaka kwenye pingamizi au inaishia kwenye barua. Bei nikataka ijulikane inafika wapi: je wakijibu kwa kuuliza tena, nalipa upya? Hilo ndilo lililonisaidia zaidi, maana alikiri kwamba bei ya mwanzo ni jibu la kwanza tu, pingamizi linahesabiwa peke yake, tukaliandika kwenye mkataba. Mwisho nikaomba nisome kila kitu kabla hakijatumwa na nibaki na nakala. Idhini ya kuniwakilisha nilimpa kwa maandishi, kwa notisi hii tu na mwaka huu tu.

Kazi yenyewe alinionyesha kwenye karatasi. Katika ile 9,100,000, 2,300,000 ni hela nilizokuwa nahamisha kutoka akaunti yangu moja kwenda nyingine, 1,500,000 ni mkopo wa kaka yangu, 1,000,000 wateja walinitumia nikawalipie wachapishaji. Inabaki 4,300,000, yaani kuna 100,000 niliisahau kweli. Mimi nilitaka tuinyamazie, akakataa katakata, akasema wana stetimenti mkononi na wakiikuta wao hawataamini hata zile hesabu nyingine. Kwa mkopo akataka makubaliano tuliyoandikiana wakati ule na ushahidi kwamba narudisha, akanikataza kuandika karatasi mpya na kuweka tarehe ya zamani. Kwa hela za uchapishaji akanionya mapema kwamba pasipo risiti hapana utetezi.

Na kweli, risiti nilizopata ni za 930,000. Ile 70,000 ikahesabiwa mapato yangu pamoja na 100,000 niliyoisahau, nikalipa kodi ya 170,000 na riba yake badala ya kodi ya tofauti nzima ya 4,900,000.

Nampa nyota nne kati ya tano. Moja nimeibana kwa sababu meseji zangu zilikuwa zinakaa hadi siku nne bila jibu, na ombi la kuongezewa muda alilituma zimebaki siku mbili tu, mimi hata usingizi siupati. Kwenye kikao cha kwanza sikumuuliza anajibu meseji ndani ya siku ngapi, na hilo nilipaswa kuuliza.