Transista mbili za BC547 au jozi ya kipande kimoja?

Mezani kwangu Ujiji nilijaribu zote mbili kwenye kikuza-tofauti, kinachokuza tofauti kati ya ingizo zake mbili mara 100, nikizipa ingizo zote mbili mvumo uleule wa volti 1.

BC547 mbili za kuokota pakitini zilifikisha desibeli 40 tu za kukataa ishara iliyo sawa kwenye ingizo zote mbili, yaani mara 100, sawa na ukuzaji wenyewe, kwa hiyo mvumo ulitoka volti 1 ileile. Jozi iliyolingana, ya kipande kimoja cha silikoni, ilifika 80, yaani mara 10,000. Zikabaki milivolti 10.

Kisha nikashika BC547 moja kwa vidole. Tokeo likahama! Tofauti ya nyuzi 1 ya joto huleta takriban milivolti 2 kati ya besi na emita, na ukizidisha mara 100 ni 200. Kuzigandisha pamoja kwa gundi hupunguza hilo, lakini hakusawazishi transista zenyewe. Jozi ni ghali; kwa saketi ya kuwasha taa jioni nisingeinunua.