Doa kwenye mfupa wa paja: tulivu au kali?

Picha mbili za eksirei, kila moja ya kijana wa miaka 14, zote zina doa kwenye mfupa wa paja juu kidogo ya goti. Lipi la kuogopa?

Naanza na mpaka, kwa sababu ndio unaoonyesha kasi. Doa la kwanza limezungukwa na mstari mweupe mwembamba, unaweza kuufuatisha kwa kalamu. Mfupa umepata muda wa kujijengea ukuta. La pili halina ukingo. Linafifia hadi hujui ugonjwa umeishia wapi.

Utando unaofunika mfupa umetulia kwenye picha ya kwanza. Kwenye ya pili umeinuliwa, na mfupa mpya umechomoza nje kama miale ya jua, kwani uvimbe unausukuma haraka. Hapo nafikiria kwanza osteosakoma, saratani ya mfupa.

Ganda gumu la nje ndilo linalodanganya. Likitoboka, dalili ni mbaya, lakini uvimbe wa seli kubwa, ambao kwa kawaida si saratani, nao hulila ganda. Usaha wa mfupa pia unaweza kufuta mpaka, hivyo muulize mgonjwa kuhusu homa.

Kijana asiye na maumivu, ambaye doa la kwanza limeonekana kwa bahati tu baada ya kuanguka, usimchome sindano ya kuchukua kipande cha doa. Mwenye maumivu ya usiku na picha ya pili anahitaji MRI ya mfupa mzima kabla ya biopsi, yaani kuchukua kipande hicho, na biopsi ipangwe na daktari atakayempasua, maana njia ya sindano huondolewa pamoja na uvimbe.