Fundi wa kwanza alituambia kioo kimetanuka

Hasira haijaisha, ingawa mambo haya ni ya fainali ya AFCON ile ya Abidjan, Ivory Coast na Nigeria, Februari 2024. Bibi yangu anakaa Chang'ombe hapa Dodoma, na mpira kwake si utani. Wiki kama mbili kabla ya fainali chaneli zilipotea, jirani akareseti king'amuzi. Chaneli zikarudi, ila wachezaji wote wakawa wafupi, wanene. Bibi akasema wanakimbia kama bata walioshiba.

Tukapeleka TV kwenye duka moja la mafundi mjini. Yule bwana hakutuangalia hata usoni. Alichomeka king'amuzi chetu, akashika rimoti ya TV, akaweka umbo la picha la 4:3, lile la TV za zamani. Watu wakapungua unene kweli, lakini pande zote mbili pakabaki weusi, kila upande kama sentimita 9. Akairudisha ilivyokuwa. "Kioo kimetanuka kwa joto, pembeni kumekufa. Kubadilisha ni laki moja na ishirini." Bibi akauliza kioo kinatanukaje. Akajibiwa, mbele za watu: "Mama, wewe rudi kwenye karanga zako." Na elfu kumi ya kukagua akaichukua. Kwangu mimi duka lile ni sifuri, hata kama lingetoa soda bure.

Siku ya fainali nikampigia kijana mmoja aliyewahi kufunga dishi kwa shangazi. Akasema saa kumi jioni anafika. Akafika saa tatu usiku! Nilishajiandaa kumgombeza mlangoni, akaniwahi: "Shikamoo bibi," kisha akavua viatu. Basi.

Hakufungua hata skrubu moja. Aliongeza sauti, namba zikatokea chini ya kioo. "Bibi, hizi anaziandika TV mwenyewe. Zimenenepa?" Bibi akasogea karibu, akasema hapana. "Kioo kingekuwa kibovu, na zenyewe zingenenepa. Tatizo linaingia na picha."

Mimi nikamwonyesha duara la katikati ya uwanja, jinsi lilivyo kama yai. Akacheka kidogo. Kumbe duara lile halifai kupimia, kwa sababu kamera inalitazama kutoka pembeni na siku zote litaonekana yai. Alisubiri mpaka mpira ukaonyeshwa kwa karibu, akasimamisha futi ya shule ya mdogo wangu kwenye kioo. Upana sentimita 16, urefu 12. Mpira gani huo? Halafu akagusa kona ya juu, pale panapoandikwa majina ya timu: herufi za mwanzo hazikuwepo.

Hapo ndipo alipomaliza kazi, kabla hajabonyeza kitu. Picha inatoka stesheni ikiwa pana, 16:9. King'amuzi kiliporesetiwa kilirudi kwenye 4:3, kikawa kinakata pembeni, jumla robo ya picha, ili ifae TV za zamani za mgongo. TV ya bibi inapokea kipande hicho na kukivuta kijaze kioo. Ndiyo maana yule wa dukani hata angekesha na rimoti ya TV asingepata kitu: kilichokatwa na king'amuzi TV haina pa kukitoa. Picha ingekuwa nene lakini kona zote zimetimia, hapo ungeshuku TV au chaneli yenyewe.

Akachukua rimoti ya king'amuzi, akaingia kwenye mipangilio ya picha. Paliandikwa `4:3 PS`, hiyo PS ndiyo ya kukata pembeni. Akaweka `16:9`, akahifadhi. Dakika haikufika.

Alitaka elfu mbili ya bodaboda tu. Bibi akamkalisha kwa ugali wa uwele na mlenda, na saa tano fainali yenyewe ilipoanza alikuwa bado hapo. Nyota tano, nilisema.

Kesho yake mchana bibi akanipigia: "Wamenenepa tena!" Nikapandwa, nikamtafuta kijana kwa maneno ambayo siyarudii hapa. Akaniuliza taratibu, kona zimekatwa? Hazikukatwa. Ilikuwa chaneli inarusha kipindi cha zamani cha 4:3, TV inakivuta. Akaniambia niweke 4:3 kwenye TV kwa kipindi hicho na weusi wa pembeni niuvumilie, kikiisha nirudishe. Alishatuambia usiku ule, ila ilikuwa dakika ya 81, Haller ameifungia Ivory Coast la pili, nani angemsikia?

Kwa kuchelewa masaa matano nampunguzia moja, zinabaki nne. Bibi amekataa, anasema mimi ndiye nimuombe radhi kwanza, na ile elfu kumi niifuate dukani.