Mtungi wa unga wa kilo 6 na wa hewa ukaa wa kilo 2: uzoefu wangu kwenye steshenari

Nina steshenari hapa Tanga. Kuna mashine ya fotokopi, printa na rimu za karatasi zilizopangwa mpaka karibu na dari, na nyuma ya pazia kijana anachapa fulana, kwa hiyo thina haikosekani. Nilinunua mitungi miwili ya kuzimia moto kwa muuzaji mmoja, na yote imeshafanya kazi. Naandika kwa sababu maswali mengi ninayoulizwa ni kama mmoja hautoshi.

Kwenye lebo ya mtungi wa unga kuna herufi A, B na C. A ni vitu vigumu kama mbao, karatasi na nguo, B ni vimiminika kama petroli na thina, C ni gesi. Huo ni mpangilio wa Ulaya. Kwenye lebo ya Kimarekani, C ni umeme, kwa hiyo tazama na picha iliyo pembeni ya herufi. Mpangilio wa Ulaya haukuupa umeme herufi yoyote, na mimi naona wana hoja: umeme wenyewe hauungui, kinachoungua ni plastiki na karatasi. Umeme unawasha moto na unaweza kumpiga anayezima.

Hilo lilionekana wazi siku karatasi ilipokwama kwenye roli za joto za fotokopi na mwali ukatoka ubavuni. Dada anayenisaidia alikimbilia swichi kuu, mimi nikachukua hewa ukaa. Unavuta pini, unaelekeza mdomo mpana chini ya mwali, unabana kishikio. Usiushike ule mdomo kwa mkono, maana gesi hutoka na baridi ya kuunguza ngozi. Mtungi wa kilo 2 unamalizika kwa sekunde chache tu, lakini mwali ulikufa mara moja na mashine haikubaki na uchafu wowote.

Baada ya muda moshi ukarudi. Hewa ukaa hufukuza oksijeni, haipoozi kaa. Gesi ikishatawanyika, karatasi yenye kaa ndani hupata hewa na kuwaka tena. Ila umeme ulikuwa umeshakatwa, kwa hiyo huo haukuwa tena moto wa umeme, ulikuwa moto wa daraja A wa kawaida. Tukafungua mfuniko, tukaitoa karatasi kwa koleo na kuimwagia maji nje. Fundi alibadilisha roli, mashine inafanya kazi hadi leo.

Jambo jingine kuhusu hewa ukaa ni ukubwa wa chumba. Kilo 2 zikitoka zote huwa takriban mita 1.1 za ujazo za gesi. Chumba changu cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.7 kina mita za ujazo 24 hivi, kwa hiyo mlango ukifungwa gesi inafika zaidi ya asilimia 4 ya hewa, kiwango cha hatari kwa mtu. Ukimaliza kupuliza, toka nje.

Mtungi wa unga ulitumika nyuma ya pazia, trei ya thina iliposhika moto. Hapo maji yangeisambaza thina inayowaka sakafuni. Unga ulifunika trei na kuzima papo hapo. Gharama yake ilikuja baadaye, kwa sababu vumbi lilipita pazia na kuingia kwenye printa. Unga wa ABC ni chumvi ya fosfati: ukinyonya unyevu hula chuma, na unyevu wa Tanga mnaujua. Printa moja iliharibika bodi. Tena mtungi wa unga ukiubonyeza hata kidogo tu, upeleke kujazwa upya, kwa sababu chembe hubaki kwenye vali na presha huvuja polepole.

Muuzaji alinionyesha pia mtungi wa unga wa bei nafuu, mwekundu vilevile, ila lebo ilisema BC. Nikaukataa. Unga wa ABC huyeyuka juu ya kaa na kuliziba, wa BC haufanyi hivyo, na duka langu limejaa karatasi.

Wa unga una geji, ukiutazama tu unajua kama mshale uko kwenye kijani. Wa hewa ukaa hauna geji, ni wa kupima uzito. Uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa kwenye chuma. Mimi naazima mizani ya duka la jirani, natoa uzito huo, na nikikuta gesi imepungua zaidi ya gramu 200, naupeleka kujazwa.

Ningelazimika kuchagua mmoja kwa ajili ya mashine, ningechukua hewa ukaa na ndoo ya maji karibu, ndoo isiguswe mpaka swichi kuu ishushwe. Nyuma kwa kijana wa fulana, unga unabaki.