OFA YA MASIKA: ukiwa na elfu hamsini, anza na kipi?

Wateja wetu wa Dar, masika hiyo imeingia. Wengi mkifika dukani mnakimbilia mwavuli. Sisi tunauza koti la mvua, gambuti na mwavuli, lakini kwa anayepanda bodaboda kila siku tunaupanga mwavuli wa mwisho.

Namba moja ni koti la mvua la vipande viwili, yaani koti na suruali yake. Sasa 32,000, lilikuwa 38,000. Suruali ndiyo hasa unayoilipia, maana maji hujikusanya kwenye siti ya pikipiki na wewe ndiye unayeyakalia. Kabla ya kulipa, ligeuze nje ndani uangalie mishono. Kila sindano ilipopita imeacha tundu, kwa hiyo juu ya mshono lazima pawe na tepu iliyogandishwa, hasa mabegani na kati ya mapaja. Pasipokuwa na tepu, kitambaa kitazuia maji lakini mshono utayapitisha, nawe utafika kazini umelowa palepale pa aibu. Chukua saizi kubwa kidogo, kwa kuwa utalivaa juu ya nguo, na mikono iwe na lastiki. Ukifika nyumbani lianike kivulini. Likikunjwa bichi linaota ukungu, na ile tabaka ya ndani huanza kunata na kubanduka.

Namba mbili ni gambuti, 16,000. Ijaribu ukiwa na soksi, kisha ikunje pale kwenye kifundo. Ikionyesha mistari ya kupasuka, iache hata kama inang'aa. Na tuambiane ukweli, gambuti ni ya matope na madimbwi ya mtaani. Pale Jangwani maji yakishapanda, usiingie nayo, kwa sababu yakipita juu ya mdomo wake inajaa na mguu unakuwa mzito kuunyanyua. Yeboyebo zipo pia, ila hizo zinakauka haraka tu, mguu unalowa kama kawaida.

Namba tatu, mwavuli. Ule mrefu wenye mbavu za faiba ni 12,000. Sukuma ncha ya ubavu mmoja, ukipinda na kurudi ni mzima. Ule mdogo wa kukunja unaingia kwenye mkoba, lakini upepo wa Posta unaupindua. Kwenye bodaboda usiufungue kabisa, unamziba dereva na upepo unaweza kuwayumbisha. Kama wewe unashuka kwenye mwendokasi na kutembea hatua chache tu hadi ofisini, basi pindua orodha yetu: chukua mwavuli, koti liache.

Kwa hiyo mtu wa bodaboda, koti na gambuti ni 48,000, na elfu mbili inabaki ya nauli. Ukichukua vyote viwili kwa pamoja, mwavuli mrefu tunakupa kwa 6,000.

Bei ni hizo, hakuna "njoo inboksi". Tuko Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Gambuti za watoto saizi ndogo zimebaki chache, na kabla hujafunga safari tupigie kwanza.